Homa ndogo baada ya kupandikizwa figo: mlezi wa nyumbani aangalie nini

Mgonjwa wako amerudi nyumbani na figo mpya. Labda ilipandikizwa Muhimbili, ambako upasuaji wa kwanza wa aina hii nchini ulifanyika Novemba 2017, au Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma iliyoanza mwaka 2018, au alipelekwa India kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wengi kabla ya hapo. Popote alipofanyiwa, sasa yuko kwako Mafinga, Kilolo, Tukuyu au Mbeya mjini, na daktari wa figo yuko mbali. Wewe mama, mke, dada au mlezi ndiye unayemwona kila asubuhi. Makala hii inaeleza jambo moja ambalo walezi wengi hawaambiwi wakaelewa: mtu aliyepandikizwa figo akipata maambukizi, ugonjwa haujionyeshi kama unavyojionyesha kwako au kwa watoto wako. Tutachukua zaidi maambukizi ya virusi viitwavyo saitomegalo, ambavyo kwenye karatasi za maabara utaviona vimeandikwa CMV.

Kwa nini homa inakuwa ndogo

Figo mpya ni ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni dada wa tumbo moja. Mwili unaitambua kama mgeni na unataka kuishambulia. Ndiyo maana mgonjwa anakunywa dawa za kushusha kinga kila siku, maisha yake yote. Wengi wanapewa tatu: takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Dawa hizi zinailinda figo, lakini kinga inayoshushwa ni ile ile inayopambana na vijidudu.

Sasa, homa hailetwi na kijidudu peke yake. Homa ni kazi ya kinga. Kinga ikiona adui inapiga kelele, joto linapanda, sehemu inavimba, usaha unajaa, mgonjwa anatetemeka. Mpe mbwa wa ulinzi dawa ya usingizi, mwizi ataingia na mbwa hatabweka. Mwizi yupo, ila kelele hakuna. Kwa mgonjwa wa figo mpya, nyuzi 37.6 zinaweza kuwa na uzito ule ule wa nyuzi 39 kwa mtu mwenye kinga kamili. Mwingine hapati homa kabisa. Anachoka tu, anakataa chakula, anasema "leo siko sawa". Kidonda kinaweza kuharibika ndani bila usaha mwingi, na tumbo lenye tatizo kubwa likauma kidogo tu.

Kwa hiyo usipime ukubwa wa ugonjwa wake kwa ukubwa wa homa. Mfananishe na alivyokuwa wiki iliyopita.

Mwezi wa ngapi tangu apasuliwe?

Hili ndilo swali la kwanza ninalouliza mlezi akinipigia, hata kabla ya kuuliza joto, kwa sababu maambukizi yana msimu wake. Katika mwezi wa kwanza mengi ni ya upasuaji wenyewe: kidonda, mkojo (hasa palipowekwa mpira), na kifua kwa sababu ya kulala sana. Mara nyingi wakati huo mgonjwa bado yuko karibu na hospitali iliyompasua, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita ndipo dawa za kushusha kinga zinakuwa zimefanya kazi yake kwa nguvu zaidi. Hapo huamka vijidudu ambavyo mtu mwenye kinga anaishi navyo bila kujua. CMV ndicho kikubwa. Kuna pia nimonia ya fangasi inayozuiwa kwa Septrini, na kifua kikuu. Baada ya miezi sita dozi zinakuwa zimepunguzwa, na mgonjwa anaanza kuugua magonjwa ya kawaida ya mtaani kama mafua, UTI na malaria, ingawa kwake yanakuwa makali zaidi.

Lakini ratiba hii haifungi mlango. Dawa ya kuzuia CMV inapoachwa, virusi hupata nafasi, na ugonjwa unaweza kuja wiki au miezi kadhaa baadaye. Vilevile mgonjwa akipewa dozi kubwa ya dawa kwa sababu mwili ulitaka kuikataa figo, hesabu ya miezi huanza upya. Ukisikia "tumemwongezea dawa kwa sindano, figo ilitaka kukataliwa", andika tarehe hiyo na uihesabu kama tarehe ya pili ya upasuaji.

CMV ni nini, na ilitoka wapi

Wengi wetu tulivipata virusi hivi utotoni, kwa mate na mkojo wa watoto wenzetu au kwa maziwa ya mama. Tuliugua kidogo au hatukuugua kabisa, kisha virusi vikalala mwilini kwa maisha yote. Kinga inavilaza. Ukishusha kinga, vinaamka.

Vinaweza kuamka kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, au kuja ndani ya figo ya mchangiaji. Hatari kubwa kuliko zote ni pale mchangiaji anapokuwa na virusi na mpokeaji hajawahi kuvipata, kwa maana mwili wake haujawahi kujifunza kupambana navyo. Kwetu hali hiyo si ya kawaida kwa watu wazima, ila inaweza kutokea zaidi kwa mpokeaji mtoto. Kabla ya upasuaji wote wawili hupimwa damu. Uliza majibu yao, yaandike kwenye daftari la mgonjwa, kwa sababu ndiyo yanayoamua atakunywa dawa ya kuzuia kwa muda gani.

Dawa yenyewe inaitwa valgansiklovia. Kwa mtu mzima mwenye figo inayofanya kazi vizuri, dozi ya kuzuia ni miligramu 900 mara moja kwa siku, yaani vidonge viwili vya 450, pamoja na chakula. Figo isipochuja vizuri daktari anapunguza. Kwa kawaida mpokeaji aliyekuwa na virusi tangu zamani anaitumia kwa miezi mitatu, na yule wa hatari kubwa miezi sita. Hospitali nyingine hawatoi dawa ya kuzuia kwa kila mtu, wanapima virusi kwenye damu mara kwa mara na kuanza dawa vikionekana. Njia hiyo ni nzuri kama kipimo kiko karibu. Kwa mtu anayeishi Makete au Mufindi vijijini mimi naona dawa ya kuzuia ni salama zaidi, kwa kuwa haitegemei damu kusafiri kila wiki.

Valgansiklovia ni ghali na hutaipata zahanati. Hapo ndipo makosa yanapoingia. Mlezi anaona vidonge vinaisha, anampa kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi. Naelewa kabisa kwa nini mtu anafanya hivyo. Lakini dozi ndogo haiui virusi, inavifundisha kuizoea dawa, na siku vikiamka dawa hiyo haitafanya kazi. Vikikaribia kuisha piga simu wiki mbili kabla, usigawanye. Dawa hii pia inashusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana mgonjwa anatakiwa kupimwa damu hata akijisikia mzima.

Kijana wa Kilolo

Nitakupa mfano, nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Kijana wa miaka 27 alipewa figo na dada yake mwezi wa kwanza. Valgansiklovia alikunywa miezi mitatu, akaimaliza mwezi wa nne kama alivyoelekezwa. Septrini aliendelea nayo. Katikati ya mwezi wa sita, baridi ya Iringa imeshika, mama yake akaona anabaki kitandani hadi saa nne asubuhi. Ugali anaacha nusu. Akaanza kuharisha mara tatu kwa siku, si kuharisha kwa kutisha. Joto 37.7.

Mama alimpeleka kituo kilicho karibu. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Kipimo cha taifodi kwa damu kikaonyesha chanya, akapewa dawa za taifodi na panadoli, wakarudi nyumbani. Homa ilishuka, mama akashukuru. Siku ya sita kijana alikuwa amepungua kutoka kilo 61 hadi 57 na bado anaharisha. Ndipo akanipigia.

"Nesi, shikamoo. Mwanangu homa imeisha lakini anaisha na yeye."

"Marahaba mama. Homa imeisha yenyewe au ni baada ya panadoli?"

"Nikimpa panadoli inaisha."

Basi haikuwa imeisha. Panadoli inashusha namba kwenye kipimajoto, haiondoi kilichosababisha. Na kipimo kile cha taifodi kina tabia ya kuonyesha chanya kwa mtu ambaye hana taifodi, kwa hiyo si ushahidi wa kutosha kwa mgonjwa huyu. Nilimwambia amlete hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, na aje na dawa zote kwenye boksi zake.

Damu ilionyesha chembe nyeupe 2,300, wakati kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000. Angalia hapo: mtu wa kawaida mwenye maambukizi ya bakteria chembe nyeupe hupanda. Kwake zilikuwa zimeshuka. Chembe za kugandisha damu 96,000, ambapo kawaida ni zaidi ya 150,000. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda kidogo. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ilikuwa 110 mwezi uliopita, sasa 148.

Kila kimoja peke yake kina maelezo mengine. Septrini na maikofenoleti zinaweza kushusha chembe nyeupe. Maikofenoleti yenyewe inaharisha. Lakini ukiviweka pamoja, mwezi wa tano tangu upasuaji na miezi miwili tangu aache valgansiklovia, jina la kwanza linalokuja ni CMV. Daktari wa figo alipopigiwa alisema hivyo hivyo kabla hatujamaliza kusoma namba.

Kilichothibitisha ni kipimo cha PCR, ambacho kinahesabu virusi vilivyomo kwenye damu. Hapa kuna mtego. Maabara nyingine watakupa kipimo cha kingamwili za CMV na kusema "chanya". Chanya hiyo karibu kila mtu mzima kwetu anayo, mimi nikiwemo. Inasema uliwahi kukutana na virusi, haisemi kama vinakuumiza leo. Na wakati mwingine CMV ikikaa kwenye utumbo, hata PCR ya damu inaweza kuwa ndogo au hasi, ikabidi daktari aangalie utumbo kwa kamera na kuchukua kinyama.

Kijana alilazwa, akapewa gansiklovia kwa mshipa kila baada ya saa 12 kwa kuwa tumbo lililoharisha halinyonyi vidonge vizuri. Alipoanza kula alihamishiwa vidonge, miligramu 900 mara mbili kwa siku. Hiyo ndiyo dozi ya kutibu, ni mara mbili ya ile ya kuzuia, ila kwake ilirekebishwa kidogo kulingana na figo. Daktari pia alipunguza maikofenoleti ili kinga iamke kiasi. Matibabu hayaishi kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Yanaendelea angalau wiki mbili na hadi PCR ionyeshe virusi vimekwisha kwenye damu. Kwake ilichukua wiki nne. Kreatinini ilirudi 118.

Kuna jambo lingine lililotokea ambalo mlezi hawezi kuliona kwa macho. Kuharisha kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu, na takrolimasi ikizidi inaumiza figo. Kwa hiyo usiseme "anaharisha tu". Mpe ORS, halafu piga simu, na kiwango kipimwe. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe ukidhani unaiokoa figo.

Magonjwa mawili yanayofanana na uchovu tu

La kwanza ni nimonia ile ya fangasi. Dalili yake ya mwanzo kwa watu wetu wa milimani ni kupanda mlima. Jana alipanda kutoka bombani bila shida, leo anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Kikohozi ni kikavu, kidogo, na ukisikiliza kifua kwa chombo unaweza usisikie chochote. Inaweza kuharibika ndani ya siku chache. Septrini inaizuia vizuri sana, kidonge kimoja cha 480 kwa siku au cha 960 mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita au zaidi kadiri ya hospitali. Wapo wanaoiacha kwa sababu jirani ameiona na kuanza kusema mgonjwa ana virusi vya Ukimwi. Mwambie jirani ni dawa ya kifua, na iendelee.

La pili ni kifua kikuu. Kwa mtu mwenye kinga tunatafuta kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda. Kwa aliyepandikizwa figo kinaweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo au tumboni bila kikohozi, na kipimo cha ngozi mkononi kikaonekana hasi kwa sababu kinga imelala. Akikonda bila sababu, tafuteni kifua kikuu hata kama hakohoi.

Na kikipatikana, kabla hajameza kidonge cha kwanza, mpigie daktari wa figo. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya kifua kikuu inaifanya takrolimasi iondoke mwilini haraka sana. Ndani ya siku chache kiwango kinaanguka na figo inaanza kukataliwa. Haina maana asitibiwe. Anatibiwa, lakini dozi ya takrolimasi inapandishwa na kupimwa mara kwa mara, au anapewa rifabutini badala yake. Upande wa pili, dawa za fangasi kama flukonazoli na antibayotiki kama eritromaisini na klarithromaisini zinaipandisha takrolimasi. Mgonjwa huyu hanunui dawa duka la dawa baridi bila kuuliza, hata ya kikohozi.

Nyumbani kwako

Nunua kipimajoto na mzani, pima asubuhi kabla ya panadoli, andika kwenye daftari. Hospitali nyingi zinataka upige simu joto likifika 38. Mimi nakwambia piga hata kwa 37.5 kama anaharisha, hali, anahema kwa shida, mkojo umepungua, au amepungua kilo mbili bila kutaka. Ukipiga, taja kwa mpangilio huu: tarehe ya upasuaji, dawa za kuzuia anazotumia au alizoacha na lini, joto, kilichobadilika. Kwa maneno hayo manne daktari aliye Dar es Salaam au Dodoma anaweza kukuambia uende wapi na upime nini.

Watoto wadogo wa nyumbani wanabeba CMV kwenye mate na mkojo kwa miezi mingi wakiwa wazima kabisa. Mgonjwa anaweza kumpakata mjukuu, lakini asile mabaki ya uji wake, wasitumie kijiko kimoja, na akibadilisha nepi anawe kwa sabuni. Afadhali nepi abadilishe mtu mwingine. Maziwa yachemshwe, hata yale ya ng'ombe wenu mnayemjua. Ulanzi na pombe nyingine za kienyeji aache.

Jambo la mwisho linawahusu nyinyi kina mama zaidi kuliko mgonjwa. Valgansiklovia na maikofenoleti zinaweza kuharibu mtoto aliye tumboni. Vidonge vizima mnaweza kuvishika, lakini visivunjwe wala kusagwa nyumbani. Kama kuna binti au mkwe mjamzito, au anayetafuta ujauzito, asiviandae yeye. Kikivunjika kwa bahati mbaya, usikiguse kwa mkono mtupu, kiokote kwa karatasi na unawe. Na kama aliyepandikizwa figo ni mwanamke anayeweza kushika mimba, mpango wa uzazi uzungumzwe na daktari wa figo mapema, kwa kuwa dawa hizo hubadilishwa kabla ya kubeba mimba, si baada ya kugundua.